Siku moja nyuma ya kaunta ya famasi: kijiko kimoja cha dawa ya kikohozi

Watu wakiniona na koti jeupe huniita dokta. Mimi ni fundi dawa sanifu, nafanya kazi katika famasi moja hapa Dar es Salaam. Wengi wanadhani kazi yetu ni kusoma karatasi, kushusha boksi na kurudisha chenji. Kama ingekuwa hivyo ningezeeka vizuri.

Saa 2 asubuhi. Nafungua, nasoma kipimajoto cha friji ya insulini, nafuta vumbi. Mfamasia wetu anafika, tunahesabu dawa za kabati la kufuli na kuandika kwenye daftari.

Saa 3 hadi saa 6. Dawa za presha, dawa za sukari, vipimo vya mimba, mzee anayetaka nusu dozi ya antibiotiki kwa sababu nusu ndiyo hela aliyonayo. Kawaida.

Saa 6 na nusu. Anaingia baba mmoja kijana, simu sikioni. "Dokta, nataka dawa ya maji ya kikohozi, ile yenye kodeini. Ya mtoto."

Namuuliza mtoto ana umri gani. Miaka mitatu. Namwambia hiyo hatumpi mtoto, na hata mtu mzima sharti aje na cheti cha daktari. Anacheka. Dada yake yuko Uingereza, alikuja nayo, imebaki chupa moja nyumbani kwa bibi, alitaka tu kuongeza akiba. "Huko wanauza dukani. Nyinyi mnajifanya wakali kuliko Wazungu?"

Namweleza. Uingereza yenyewe ilishasema tangu 2010 kwamba dawa za maji za kikohozi zenye kodeini zinazouzwa bila cheti wasipewe walio chini ya miaka 18, na Februari 2024 ikaziondoa kaunta kabisa, safari hii zaidi kwa sababu ya watu kuzizoea na kulewa nazo. Marekani 2017 ilipiga marufuku kodeini kwa walio chini ya miaka 12, na mwaka uliofuata ikaondoa dawa za kikohozi zenye kodeini kwa wote walio chini ya 18. Nigeria 2018 ilisimamisha utengenezaji na uingizaji wake, nako sababu kubwa ilikuwa ulevi wa vijana.

"Sawa, lakini kaka yake alikunywa mwezi uliopita, akalala vizuri, akapona."

Sentensi hii naisikia kila mara, nayo ndiyo inayonichosha kuliko ubishi wa bei. Kodeini yenyewe haina nguvu kubwa. Ini huichukua na kugeuza sehemu yake kuwa mofini, na mofini ndiyo inayofanya kazi. Kinachogeuza ni kimeng'enya kiitwacho CYP2D6, na watu hatukuzaliwa na kiwango kimoja. Wapo ambao kwao kodeini haifanyi chochote. Wapo ambao wamerithi nakala za ziada za jeni yake, hao kijiko kilekile kinawapa mofini nyingi kwa muda mfupi. Miongoni mwa Waethiopia waliopimwa, watu wa namna hii walikuwa karibu 29 katika kila 100. Kwa sura huwezi kuwajua, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Kupona kwa kaka hakukuambii lolote kuhusu mdogo wake.

Nampa ushauri: vinywaji vya uvuguvugu, asali kijiko cha chai kwa kuwa amepita mwaka mmoja, na akianza kuhema haraka au kubonyea mbavu ampeleke hospitali. Anaondoka bila kununua kitu. Hata asali.

Saa 9, au imepita kidogo. Bajaji inasimama mlangoni. Ni baba yuleyule, mtoto begani. "Dokta, huyu amelala mno."

Bibi alimpa baada ya chakula cha mchana, kama saa 7. Kiasi gani? Kijiko. Kijiko gani? Kile cha kulia wali. Chupa ameileta, namshukuru kwa hilo. Imeandikwa miligramu 15 katika mililita 5. Kijiko cha wali kikijaa hubeba kama mililita 15, kwa hiyo mtoto kapata miligramu 45. Mtu mzima, kwa maelekezo ya chupa hiyohiyo, hunywa 15 hadi 30 kwa mara moja. Na huyu ana kama kilo 14.

Namlaza ubavu kwenye benchi, namfunua kifua, nahesabu dakika nzima kwa saa ya ukutani. Kwenye mafunzo ya nimonia tunafundishwa kuogopa hesabu kubwa: mtoto wa miaka mitatu akifika pumzi 40 kwa dakika, shtuka. Nusu dakika haitoshi, kwa sababu pumzi zikienda kwa vipindi utadanganyika. Nilipata 12. Usingizini mtoto wa umri huu huwa 20 na kitu. Namfunua kope: mboni zimekuwa kama ncha ya pini. Midomo inaelekea kijivu. Nikikwaruza wayo anavuta pumzi ndefu na kukunja uso. Nikiacha, anarudi kule.

Baba anasema kikohozi kimeisha, si amepoa? Kimeisha kweli. Mofini huzima kikohozi na kitu kingine hapohapo kwenye shina la ubongo: ile kengele inayolia hewa chafu ikizidi kwenye damu. Kengele ikinyamaza mtoto hahangaiki wala halii, anasahau tu kuhema. Makohozi nayo yanabaki ndani.

Mfamasia anapiga simu hospitali. Naandika kwenye karatasi: kodeini, miligramu 45, saa 7, kilo 14 kwa kukadiria, pumzi 12. Bibi alikuwa amependekeza maziwa na kumtapisha. Hapana, mtoto mwenye usingizi hivi atapaliwa. Napanda bajaji pamoja nao.

Sijui tulitumia muda gani barabarani. Foleni ilikuwa ileile ya kila siku. Nilimshika ubavu, kidevu juu kidogo njia ya hewa isizibe, huku nakwaruza wayo na kuita jina lake, baba akimfokea dereva. Mara mbili kifua kilitulia hadi nikainama tayari kumpulizia mdomoni, kisha akavuta.

Mapokezi walimchukua bila kuuliza bima. Oksijeni, mfuko wa kumpumulia, kisha naloksoni kwenye mshipa. Naloksoni huing'oa mofini mahali ilipokaa. Ndani ya dakika chache alilia, kilio kikali cha hasira, na mimi miguu ikaisha nguvu. Nesi alimwambia baba asishangilie bado: naloksoni huisha kabla ya mofini, mtoto anaweza kuzama tena akiwa ameonekana mzima. Ndiyo maana hawakumruhusu.

Jioni. Nilirudi famasi kwa mguu nusu ya njia. Kulikuwa na mama mwenye karatasi ya mafuta ya ngozi na vijana wawili waliotaka "ile ya kulala". Nikawajibu kwa ufupi kuliko inavyopaswa.

Saa 2 usiku nesi alinipigia: walilazimika kumpa naloksoni ya pili, sasa anahema 24, amelazwa kuangaliwa hadi asubuhi. Tulikuwa tunafunga hesabu za kabati la kufuli baba alipopiga naye. Alishukuru sana, akamwombea na mfamasia. Kisha akaniuliza ile chupa iko wapi, maana dada yake ameulizia na bado ilikuwa karibu kujaa.

Nikamwambia iko kwenye boksi la dawa za kuteketezwa, na imeandikwa daftarini.