Siku moja maishani mwangu: kipindi kimoja cha sehemu, kadi za aina tatu

Nafundisha hisabati Darasa la Tano katika shule ya msingi wilayani Chamwino, Dodoma. Wanafunzi 66, madawati 22, watatu kwa kila dawati. Mada ya wiki hii ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Nimeandika siku nzima ya leo kwa sababu walimu wengi wakisikia habari ya kuwafundisha watoto kwa uwezo wao, hudhani wanatakiwa waandae masomo matatu. Andalio la somo ni moja na lengo ni moja. Kinachobadilika ni kazi iliyo mezani, basi.

Saa 12:30 asubuhi

Kazi ya leo ilianza jana, dakika tano kabla ya kipindi kuisha. Kila mtoto alipewa robo ya ukurasa wa daftari ajibu swali moja: 1/2 + 1/4 ni ngapi, na aonyeshe kwa mchoro. Asubuhi hii nazipanga zile karatasi 66 mafungu matatu, na sitazami vema na kosa peke yake. Natazama mtoto alifikiri nini.

Fungu la kwanza ni la walioandika 2/6, pamoja na walioacha wazi. Aliyeandika 2/6 amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, maana yake kwake sehemu ni namba mbili zilizopandana, si kiasi kimoja. Leo wako 24. Fungu la pili wanajua kwamba asili lazima zilingane, ila wanapotea njiani au wanaweza tu pale asili moja inapoingia ndani ya nyingine. Hao ni 30. Waliobaki 12 wamepata 3/4 na mchoro wao unaeleza kwa nini.

Aliyeandika 3/4 bila mchoro wowote namweka fungu la pili. Huenda anajua, huenda alichungulia kwa jirani, na kadi ya kati itanionyesha ndani ya dakika tano. Kazi yote hii inachukua kama robo saa, kwa kuwa karatasi moja haihitaji zaidi ya sekunde kumi na kitu.

Saa 1:15 asubuhi

Ofisini, kabla ya mstarini, naandika kadi. Naanza na ya juu. Nimejifunza kutobadili mpangilio huu, kwa sababu ukianza na kazi nyepesi kisha ukapanda, kazi ya juu inageuka kuwa maswali yaleyale yaliyoongezwa idadi. Mtoto anayeweza akipewa maswali kumi badala ya matano hujifunza jambo moja tu, kwamba kuweza ni adhabu. Ukianza juu unajiuliza swali lingine kabisa: mwenye shida anahitaji msaada gani ili afike kwenye wazo hilohilo?

Kadi ya juu, naiita Karanga, ina maswali mawili. La kwanza: shamba la ekari moja, 1/3 imepandwa mtama na 1/4 alizeti, sehemu gani haijapandwa? La pili: tafuta jozi tatu za sehemu zenye asili tofauti ambazo jumla ya kila jozi ni 7/8. Swali hili la pili linamlazimisha mtoto arudi nyuma kutoka kwenye jibu, na majibu yako mengi: 3/4 + 1/8, 1/2 + 3/8, 1/4 + 5/8.

Kadi ya kati, Mtama, ina 2/3 + 1/4, halafu 3/4 + 1/6, halafu 1/2 + 2/5. Msaada wake ni mstari mmoja juu ya kadi: vigawe vya 3 na vya 4 vimeorodheshwa, na mtoto anazungushia kigawe cha kwanza kinachofanana. Kwa maswali mawili yanayofuata anaorodhesha mwenyewe.

Kadi ya tatu, Uwele, ina 1/2 + 1/4, 1/2 + 1/8 na 1/4 + 3/8, pamoja na vipande vya karatasi. Tazama kwamba bado ni asili tofauti. Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye maandalio ni kuwapa hawa 1/4 + 2/4, eti waanze polepole. Hapo umeshawatoa kwenye somo, na kesho pengo litakuwa kubwa kuliko leo.

Chini ya kadi zote tatu kuna swali moja la wote: *Mwanafunzi mmoja amesema 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwonyeshe kwamba haiwezekani.*

Majina ni ya mazao yetu ili yasipange watoto juu na chini, na nayazungusha kila wiki. Kadi ni nusu ya A4, moja kwa kila dawati: Uwele 8, Mtama 10, Karanga 4.

Saa 1:40 asubuhi

Vipande. Vinakatwa kwenye manila au kalenda ya zamani, kila kimoja urefu wa sentimita 24 na upana wa 3. Nimechagua 24 kwa sababu inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila baki: nusu ni sentimita 12, theluthi ni 8, robo ni 6, sehemu ya nane ni 3. Ukikata urefu wowote unaokuja mkononi, utakwama siku ya theluthi. Karatasi moja ya A4 inatoa vipande saba. Madawati manane ya Uwele yanahitaji vinne kila moja, yaani kizima na vitatu vya kukunja nusu, robo na nane, hivyo karatasi tano zinatosha na vitatu vinabaki vya akiba.

Kila dawati la Uwele lina bahasha yake. Madarasa yetu hayana vioo, na upepo wa Dodoma ukiingia saa tano hauachi karatasi mezani.

Saa 4:40, mapumziko

Watoto wako kwenye uji, na hapa ndipo ninapookoa dakika tano. Madaftari ninayo kwa kuwa nilikuwa nasahihisha, kwa hiyo nayaweka kwenye madawati kufuata mafungu ya asubuhi. Mtoto akirudi anakaa palipo na daftari lake. Hakuna kuita majina mbele ya darasa, wala mtoto kusikia ametajwa na kundi la wasiojua.

Saa 5:10, kipindi

Dakika saba za mwanzo ni za wote pamoja. Naonyesha kwa kipande kimoja kikubwa ubaoni kwamba nusu ni robo mbili, kisha naeleza namna ya kutumia kadi. Dakika 22 zinazofuata ni za kazi.

Dakika mbili za kwanza sisogei. Ukikimbilia dawati la kwanza lililonyoosha mkono, hutajua kwamba mawili nyuma yamekata vipande badala ya kukunja. Kipande kilichokatwa kinapotea, na mtoto haoni tena kizima chake.

Kisha naenda Uwele. Dawati la pili kutoka mlangoni, mtoto amelaza nusu na robo zikifuatana, vizuri kabisa. Namuuliza ni ngapi.

"Viwili, mwalimu."

"Viwili vya nini?"

Kimya. Hapa ndipo 2/6 inapozaliwa: anahesabu vipande bila kujali ukubwa. Simwambii jibu. Namwomba aweke kimoja juu ya kingine aone kama vinalingana. Havilingani. "Basi tafuta kipande ambacho kinaweza kupima vyote viwili." Anachukua kilichokunjwa robo, anapima nusu, anapata mara mbili, anapima robo, mara moja. "Robo tatu." Huyo ameshatafuta asili ya shirika kwa vidole vyake kabla hajaijua kwa jina la kigawe kidogo cha shirika, KDS. Jirani yake akimaliza swali la pili na la tatu, ataona yote mawili yametoa 5/8. Nimeyapanga hivyo makusudi, ili wabishane kwa nini.

Dakika ya tisa nageukia Karanga, hata kama Uwele bado wananihitaji. Kundi la juu likiachwa hadi mwisho humaliza swali la shamba, likaanza kelele, na mwalimu akahitimisha kwamba kazi za ngazi hazifai. Swali langu kwao ni moja: mmejuaje kwamba iliyobaki ni 5/12? Wengine huandika 7/12 wakasimama hapo, wakasahau kwamba swali linauliza ambayo haijapandwa.

Mtama wana kosa lao: wanabadili asili, namba ya chini, na kuacha kiasi, namba ya juu, kama kilivyo. 2/3 + 1/4 inakuwa 2/12 + 1/12, jibu 3/12. Nawapa kipande kimoja cha akiba wapime. Theluthi mbili ni sentimita 16, robo ni 6, jumla 22 kati ya 24, yaani 11/12. Ile 3/12 yao ni sentimita 6 tu. Na mtoto akizidisha 4 kwa 6 akapata 22/24 kwenye swali la pili, yuko sahihi. Usimpige kosa, mwambie arahisishe.

Dakika nane za kurudi pamoja ndizo zinazofanya kipindi kiwe kimoja, na swali la wote ndilo gundi yake. Uwele wanatangulia: 2/5 ya sentimita 24 ni 9.6, nusu peke yake ni 12, kwa hiyo umeongeza ukapata pungufu ya ulichokuwa nacho. Mtama wanaleta jibu halisi, 5/6. Karanga wamejaribu sehemu nyingine na wameona kwamba ukijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, jibu huangukia kati ya sehemu zako mbili kila mara, kwa hiyo haliwezi kuwa jumla. Kila kundi limechangia kitu ambacho mengine hayakuwa nacho.

Dakika tatu za mwisho, robo ya ukurasa tena, swali moja kwa wote: 1/2 + 1/6.

Saa 9:00 alasiri

Nahesabu bahasha kwanza, nane. Kisha karatasi. Ninachotafuta ni 2/8, alama ya kosa la jana. Aliyeandika 4/6 nampa vema sawa na wa 2/3, kwa maana kurahisisha halikuwa lengo la leo.

Kwa Uwele, 15 kati ya 24 wameachana na kosa lile. Hao kesho wanakaa na Mtama. Tisa bado, na hao nitakaa nao mwanzo wa kazi, kwa vipande vya theluthi na sita. Kutoka Karanga wawili wameandika 2/8, jambo ambalo nisingelijua kama ningeamini fungu la asubuhi kwa wiki nzima. Kesho madaftari yao yatakuwa kwenye dawati lenye bahasha.