Bibi yupo nyumbani bure

Jana usiku Ngome Kongwe, mchekeshaji yumo katikati ya kisa chake, jamaa wa safu ya mbele akapaza sauti: "Shuka bwana! Hata bibi yangu anachekesha kuliko wewe!"

Hakujibu papo hapo. Kwanza aliyarudia maneno yale kwenye maikrofoni, taratibu, maana waliokaa nyuma hawakuyasikia, na asiyesikia tusi hawezi kulicheka jibu. Huku nyuma kichwa chake kinapata nafasi ya kufikiri. Kisha akakubali: "Kweli kaka, bibi yako fundi." Jamaa akatabasamu, kajua kashinda. "Sasa mbona umelipa kiingilio kunitazama mie, na bibi yupo nyumbani bure?"

Ukumbi ulilipuka! Nililolipenda zaidi ni kuwa hakuleta tusi jipya, alitumia lile lile la jamaa. Angemvamia kwa sura yake au mke aliyekaa naye, watu wangeguna "aah" na kumwonea huruma mkatizaji. Mguno huo ukiusikia, ujue ukumbi umeshamhama msanii.

Na vicheko havijatulia, akarudi kwenye kisa chake. Jamaa hakupata pa kuingilia tena.