Kulinganisha picha mbili za setelaiti bila kuugusa mlima

Nilitaka kuona Mabogini na Chekereni, kwenye tambarare ya Moshi chini ya Mlima Kilimanjaro, palivyokuwa kabla ya mradi wa umwagiliaji wa mpunga wa miaka ya 1980. Nilikuwa na picha ya Landsat MSS ya miaka ya 1970, yenye pikseli za mita 60, na ya Sentinel-2 ya juzi tu, yenye pikseli za mita 10. Ile ya zamani ilikuwa imekaa upande kwa mamia ya mita, na ramani ya kuinyooshea sikuwa nayo. Nikaichukua Sentinel-2 kuwa msingi, maana nilichohitaji ni picha hizo kulaliana tu.

Kwanza niliikuza pikseli ya Sentinel-2 hadi mita 60, kisha nikafungua zote mbili kwa mawimbi ya infraredi ya karibu. Maji huwa meusi, na jicho halidanganywi na undani ambao picha ya zamani haina.

Kupata nukta za kuunganishia ndiyo kazi yenyewe. Ukingo wa bwawa la Nyumba ya Mungu niliukataa, kwa kuwa maji hupanda na kushuka. Ziwa Chala liko ndani ya kreta yenye kuta za mwinuko mkali, hivyo ukingo wake hausogei sana. Kona za vitalu vya miwa kule TPC ni nzuri, ila si zote zimebaki zilipokuwa. Mzee mmoja wa Kahe nilimwonyesha njia panda niliyoipenda, akasema, “Hiyo barabara walishaisogeza, mwanangu.” Nikaifuta.

Kilele cha Kibo kilivutia kwa weupe wake, lakini sikuweka nukta huko, na si kwa sababu ya barafu kupungua tu. Landsat za kwanza ziliruka kama kilomita 900 juu. Kitu kilichoinuka mita 5,000 kuliko tambarare, kikiwa kilomita 60 kutoka mstari wa chini ya setelaiti, husogea kwenye picha kwa 5,000 × 60 ÷ 900, yaani karibu mita 333. Hizo ni zaidi ya pikseli tano. Sentinel-2 tayari imesahihishwa kwa mwinuko wa ardhi, kwa hiyo nukta moja ya kileleni ingevuruga tambarare nzima. Nilikata picha, nikabaki na uwanda wa chini.

Kwenye Georeferencer ya QGIS nilitumia `Polynomial 1` na `Nearest neighbour`, ili thamani za pikseli zisichanganywe. `Thin Plate Spline` inapendeza kwa kuwa masalio yote, yaani makosa yanayobaki kwenye kila nukta, husoma sifuri, lakini hiyo ni kwa sababu inalazimisha picha ipite kila nukta, hata iliyowekwa vibaya. Mimi nilitenga nukta tano bila kuziingiza kwenye hesabu, nikapima zilikotua. Nne zilikuwa ndani ya pikseli moja. Ya tano, upande wa Himo ardhi inakoanza kupanda, ilipitiliza, nami mpaka wa kazi yangu nikauweka kabla ya hapo.