Jinsi nilivyotambua yakuti ya samawati ya maabara kwa lenzi ya mara kumi

Mfanyabiashara mmoja wa vito ninayefahamiana naye aliniletea jiwe la samawati lenye umbo la yai, uzito wake ukizidi kidogo karati mbili, akaniomba nimwambie iwapo ni yakuti ya asili. Vifaa nilivyokuwa navyo ni lenzi ya mkono ya mara kumi, kibano, kitambaa laini, bilauri ya maji na taa ya mezani. Naeleza hapa namna nilivyolikagua, kwa sababu jiwe la aina hii linaweza kutambuliwa kwa lenzi peke yake, ilimradi mtu ajue kuishika na ajue anatafuta nini.

Lenzi yangu imeunganishwa kwa vioo vitatu vilivyobandikwa pamoja, muundo unaozuia mistari kupinda na rangi za upinde wa mvua kujitokeza pembeni mwa picha. Kabla ya kuinunua niliijaribu juu ya karatasi ya mistari ya mraba: mistari ilibaki imenyooka na haikuwa na rangi hadi karibu na ukingo. Fremu yake ni nyeusi, maana fremu inayong'aa au yenye rangi huakisi nuru yake juu ya jiwe. Lenzi zinazodaiwa kukuza mara thelathini sizitumii kwa kazi hii. Kadiri ukuzaji unavyoongezeka ndivyo jiwe linavyopaswa kusogezwa karibu zaidi, na kwa mara thelathini hubaki nafasi isiyofika sentimita moja, kiasi kwamba lenzi yenyewe hukinga mwanga.

Kwa mara kumi, umbali kati ya lenzi na jiwe ni takriban sentimita mbili na nusu. Mara nyingi mtu asiyezoea huishika lenzi karibu na jiwe, kisha akarudisha kichwa nyuma, na hapo huona duara dogo la picha linalotetemeka. Mimi huileta lenzi hadi karibu iguse jicho, au iguse miwani yangu ninapokuwa nimeivaa, halafu hulileta jiwe kwenye lenzi polepole mpaka lionekane wazi. Viwiko hukaa juu ya meza, mkono wenye lenzi hugusa shavu, na mkono wenye kibano huegemea mkono wa kwanza, hivi kwamba kichwa, lenzi na jiwe hutikisika pamoja kama vinatikisika. Macho yote mawili hubaki wazi. Mwanzoni jicho la pili husumbua, lakini ukilifumba misuli ya uso huchoka upesi, na jicho lililochoka huanza kuona vitu ambavyo havipo.

Jiwe lile nililifuta vizuri kwa kitambaa, kisha nikalishika kwa kibano kiunoni, yaani kwenye ukingo wake mpana zaidi, bila kulibana sana, kwa sababu jiwe linalobanwa kupita kiasi huruka. Taa niliiweka ubavuni mwa jiwe, chini kidogo ya usawa wa macho yangu, nyuma nikaweka kitu cheusi. Mwanga ukiingia kwa ubavu namna hiyo, nyuso za jiwe hazikumulikii machoni, na chochote kilichomo ndani huonekana kikiwa cheupe juu ya giza.

Kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa kidoa kimoja karibu na katikati ya uso wa juu. Ili kujua kilikuwa juu ya jiwe au ndani yake, niligeuza jiwe hadi uso huo uakisi taa na kung'aa wote, nikaona kwamba kidoa kinaonekana wazi katika umbali uleule ambao mikwaruzo midogo ya uso huo inaonekana wazi. Kwa mara kumi, kina kinachoonekana vizuri kwa wakati mmoja ni kidogo sana, kwa hiyo vitu viwili vinavyoonekana wazi pamoja huwa katika tabaka moja. Kidoa kilikuwa juu, na kweli nilipofuta tena kilitoweka.

Baada ya hapo nililisogeza jiwe kuelekea kwenye lenzi kidogo kidogo, nikishuka tabaka baada ya tabaka hadi upande wa chini. Karibu na kiuno palikuwa na vitone vichache vya mviringo, kila kimoja kikiwa na ukingo mweusi na nuru katikati. Hivyo ndivyo viputo vya hewa vinavyoonekana, lakini vilikuwa vidogo mno, na fuwele ndogo iliyomomonyoka ikawa ya mviringo inaweza kuonekana vivyo hivyo. Sikutaka kutoa hukumu kwa ushahidi huo peke yake.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuwa kwenye rangi. Nililitia jiwe ndani ya bilauri ya maji, bilauri ikiwa juu ya karatasi nyeupe iliyomulikwa, nikalitazama kwa lenzi kutoka ubavuni nikiligeuza pande mbalimbali. Maji hupunguza mng'ao wa nyuso, na karatasi hutawanya mwanga sawasawa, kwa hiyo tofauti za rangi zilizomo ndani hujitokeza. Kwa upande mmoja tu nikaona mikanda mipana ya samawati iliyokolea na iliyofifia, nayo ilikuwa imepinda, yote kwa mkunjo unaofanana.

Hapo ilinibidi nihakikishe kwamba sitazami mistari inayoachwa juu ya nyuso jiwe linapong'arishwa. Mistari hiyo hunyooka, huishia kwenye ukingo wa uso wake, na kwenye uso wa jirani hubadili mwelekeo. Mikanda niliyoiona ilipita chini ya nyuso kadhaa bila kukatika wala kujali kingo zake, jambo lililoonyesha kwamba imo ndani ya jiwe lenyewe.

Yakuti ya asili hukua kwa nyuso bapa, na kwa sababu hiyo mikanda yake ya rangi hunyooka na hukutana kwa pembe, mara nyingi ya nyuzi 120. Katika njia ya kutengeneza vito vya maabara ambayo Mfaransa Auguste Verneuil aliitangaza mwaka 1902, unga huyeyushwa ndani ya mwali wa moto, matone yakaangukia juu ya kipande chenye kichwa cha mviringo na kuganda hapo, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likifuata mkunjo wa kile kichwa. Yakuti ya asili haina njia ya kupata mikanda ya namna hiyo. Nilimwonyesha mwenye jiwe mikanda ile, naye baada ya kuizungusha bilauri kwa muda akaiona mwenyewe.

Aliniuliza kama basi jiwe lisilo na mikanda iliyopinda ni la asili. Nilimjibu kuwa sivyo, kwa kuwa zipo njia nyingine za maabara, hasa zile za kuotesha fuwele polepole ndani ya kimiminika, ambazo hutoa mikanda iliyonyooka kama ya asili. Vilevile yakuti ya asili iliyochomwa ili kuboreshwa rangi huenda isionyeshe dalili yoyote kwa mara kumi. Sindano nyembamba ndefu zinazokatana kwa nyuzi 60, zikiwa nzima, hutia moyo kwamba jiwe ni la asili na kwamba halijachomwa, ila mawe mengi safi hayana sindano hizo, na mawe ya namna hiyo huyapeleka maabara yenye darubini kabla sijasema lolote.